Vilele viwili, nyumba moja: numerolojia inavyopanga misimu ya ndoa, na pale inapokwama

Wanaofuata numerolojia wakizungumzia ndoa, swali lao la kwanza huwa ni la kupatana: namba yangu na yake zinaelewana? Jibu hutolewa mara moja na halibadiliki. Pwani yetu ina desturi ya zamani inayofanana na hiyo, ya kutazama nyota za wachumba kwa kujumlisha thamani za herufi za majina yao na ya mama zao, kisha kugawa kwa 12. Nayo hutoa jibu moja kabla ya posa, na jibu hilo hukaa hapo hadi uzeeni.

Ndoa yenyewe haikai namna hiyo. Kuna miaka ambayo nyumba inakwenda bila kusukumwa, na kuna miaka ambayo watu wale wale wawili, chini ya dari lile lile, hata kuamkiana ni kazi. Vilele na changamoto ni sehemu ya numerolojia inayojaribu kulishika jambo hilo. Huacha swali la kupatana na kuuliza lini: lini kila mmoja anaingia awamu mpya, lini uzito unaongezeka, na lini mmoja amehama huku mwenzake amebaki pale pale.

Katika uchambuzi huu nataka kuonyesha jinsi hesabu hiyo inavyofanyika kwa watu wawili, kwa mfano halisi, na kusema wazi nini kinaweza kuaminiwa ndani yake. Hoja yangu ni moja. Kilicho imara katika chati ya wanandoa ni miaka ya mageuzi tu, na miaka hiyo inatokana na hesabu nyepesi ya siku na mwezi wa kuzaliwa. Maana zinazopachikwa juu ya miaka hiyo zinanyumbulika mno, kiasi kwamba hazifai kumhukumu mume wala mke.

Hesabu yenyewe

Wengi huuhusisha mfumo huu na Pythagoras, mwanafalsafa Mgiriki wa karne ya 6 kabla ya Kristo. Pythagoras hakuacha maandishi yoyote yaliyotufikia. Vilele vinne na changamoto nne tunazozikuta leo ni kazi ya Wamarekani wa karne ya 20. Miongoni mwa walioeneza elimu hiyo ni Florence Campbell, kwa kitabu chake cha mwaka 1931, na Juno Jordan, kwa kitabu cha mwaka 1965. Ni mfumo wa kalenda ya Kizungu, na unahitaji mambo matatu tu: mwezi, siku na mwaka wa kuzaliwa.

Kila moja kati ya hayo matatu hujumlishwa tarakimu zake hadi ibaki moja. Kisha hesabu huenda hivi. Kilele cha kwanza ni mwezi jumlisha siku. Cha pili ni siku jumlisha mwaka. Cha tatu ni jumla ya vilele viwili vilivyotangulia. Cha nne ni mwezi jumlisha mwaka. Changamoto hufuata njia hiyo hiyo, ila badala ya kujumlisha unatoa, ndogo kutoka kwa kubwa.

Tuchukue wanandoa ambao tarehe zao zinajulikana na ambao maisha yao yako hadharani, Barack na Michelle Obama. Barack, ambaye baba yake alikuwa Mkenya wa Siaya, alizaliwa tarehe 4 Agosti 1961. Mwezi wake ni 8, siku ni 4, na mwaka ni 1+9+6+1, yaani 17, ambayo inakuwa 8. Kilele chake cha kwanza ni 8+4, yaani 12, inayobaki 3. Cha pili ni 4+8, tena 3. Cha tatu ni 3+3, yaani 6. Cha nne ni 8+8, yaani 16, inayobaki 7. Changamoto zake ni 4, 4, 0 na 0.

Michelle alizaliwa tarehe 17 Januari 1964. Mwezi ni 1, siku ni 1+7, yaani 8, na mwaka ni 20, unaobaki 2. Vilele vyake ni 9, 1, 1 na 3. Changamoto zake ni 7, 6, 1 na 1.

Kinachobaki ni kujua kila awamu inaisha lini. Kanuni inasema: chukua 36, toa namba ya njia ya maisha, ambayo ni jumla ya mwezi, siku na mwaka. Unachopata ndio umri ambao kilele cha kwanza kinaisha. Cha pili na cha tatu huchukua miaka tisa kila kimoja, na cha nne huendelea hadi mwisho wa uhai. Njia ya maisha ya Barack ni 8+4+8, yaani 20, inayobaki 2. Ya Michelle ni 1+8+2, yaani 11, nayo kwa hesabu hii hupunguzwa kuwa 2. Wote wawili basi wanamaliza kilele cha kwanza wakiwa na miaka 34: Barack mwaka 1995, Michelle mwaka 1998.

Kwa nini 36, na kwa nini inawahusu wawili

Walimu wengi hueleza 36 kuwa ni mizunguko minne ya miaka tisa, kisha huendelea mbele. Maelezo hayo yanaishia njiani, na hapo ndipo jambo lenye manufaa zaidi kwa wanandoa linapopotea.

Numerolojia ina kitu kingine kinachoitwa mwaka binafsi. Ni mwezi na siku ya kuzaliwa jumlisha mwaka wa kalenda ulionao, nao huzunguka kutoka 1 hadi 9. Mwaka wa 9 ni wa kufunga mambo, na wa 1 ni wa kuanza. Sasa angalia 1995 ya Barack: 8+4 jumlisha 1+9+9+5 ni 36, inayobaki 9. Angalia 1998 ya Michelle: 1+8 jumlisha 1+9+9+8 ni 36, inayobaki 9. Itakuwa hivyo kwa kila mtu aliyepata kuzaliwa. Umri ukijumlishwa na njia ya maisha hutoa 36 pale kilele cha kwanza kinapoisha, na 36 ni 9. Kanuni ya 36 kwa hiyo ni njia ya kuhakikisha kwamba awamu ndefu hufungwa katika mwaka wa kufunga na mpya hufunguliwa katika mwaka wa kuanza.

Kutokana na hilo linazuka jambo la pili, na ukitaka kulihakiki inatosha kalamu na karatasi. Mwaka binafsi unahitaji siku na mwezi tu. Kwa hiyo miaka ya mageuzi nayo inategemea siku na mwezi tu, yaani namba ile ile inayotengeneza kilele cha kwanza. Wanandoa wenye namba moja ya kilele cha kwanza watageuka katika mzunguko ule ule wa miaka tisa maisha yao yote, hata kama mmoja ana umri mkubwa zaidi. Mtu aliyezaliwa tarehe 4 Agosti 1975 ana njia ya maisha ya 7. Anamaliza kilele cha kwanza akiwa na miaka 29, mwaka 2004. Mwaka huo huo Barack, aliyemtangulia kwa miaka 14, anamaliza kilele cha pili.

Namba za vilele vya kwanza zikitofautiana, tofauti yao ndiyo idadi ya miaka inayowatenganisha, na mwenye namba kubwa hutangulia. Michelle ana 9, Barack ana 3, na tofauti ni 6. Kutoka mageuzi ya Michelle ya 1998 hadi mageuzi yaliyofuata ya Barack, mwaka 2004, ni miaka sita. Inayobaki kukamilisha tisa ni mitatu. Maisha yao ya ndoa yanagawanyika hivi:

1992–1995: wote wako kilele cha kwanza.
1996–1998: Barack amehamia cha pili, Michelle bado yuko cha kwanza.
1999–2004: wote wako cha pili.
2005–2007: Barack yuko cha tatu, Michelle cha pili.
2008–2013: wote wako cha tatu.
2014–2016: Barack yuko cha nne, Michelle cha tatu.
Kuanzia 2017: wote wako cha nne.

Vipande vya miaka mitatu ndivyo ambavyo mtaalamu makini wa numerolojia huvitazama kwanza. Humo mmoja ameshabadili mwelekeo na mwenzake bado anaishi kwa utaratibu wa zamani. Kwa nadharia hii, ugomvi mwingi wa ndoa hauhitaji namba mbili zinazochukiana. Unatosha muda ambao mmoja anafungua mambo mapya huku mwingine hajamaliza ya kale.

Wapo wanaojumlisha vilele vya wawili kupata kilele cha pamoja, na wapo wanaoifanyia hesabu tarehe ya harusi. Njia ya pili ina kasoro ya wazi. Kilele cha kwanza hakiwezi kuwa kifupi kuliko miaka 27, kwa hiyo ndoa nzima hukaa ndani ya awamu moja wakati wa kulea na kujenga, na chati haina la kusema kuhusu misimu yake. Kuweka chati moja ubavuni mwa nyingine ndiyo njia yenye kueleza zaidi, na ndiyo ninayoifuata hapa.

Kilele si raha

Kosa la usomaji lililo la kawaida zaidi ni kudhani kwamba kilele ni miaka ya neema na changamoto ni miaka ya dhiki. Chati haiko hivyo. Kila awamu ina vyote viwili kwa pamoja. Kilele ni msimu wa upepo, na changamoto ni ufa ulio kwenye jahazi lako mwenyewe. Upepo wa 4, wa kazi na nidhamu, au wa 7, wa kujitenga na kutafakari, unaweza kuwa mgumu kwa ndoa hata pasipo ufa mkubwa.

Uzito wa namba pia hubadilika kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa wawili. Kilele cha 1 husifiwa sana kwa mtu binafsi: ni wakati wa kujitegemea na kuanzisha. Kwa mke au mume, hizo ndizo siku ambazo mwenzi anahisi ameachwa nje ya maamuzi. Kilele cha 6, cha nyumba na malezi, huhesabiwa kuwa kizuri kwa ndoa, ila huleta wajibu mwingi, na wajibu usipogawanywa huzaa kinyongo. Kwa hiyo mtu akiuliza kama awamu fulani ni nyepesi au nzito, jibu linategemea mwenzake yuko wapi wakati huo huo.

Changamoto zina tabia zake za kihesabu ambazo msomaji anapaswa kuzijua kabla ya kuzipa maana. Ya kwanza ni kwamba 9 haipo kabisa. Tarakimu kubwa ni 9, ndogo ni 1, na tofauti yao ni 8. Ya pili ni kwamba namba ndogo hutokea mara nyingi zaidi. Ukipanga jozi zote 81 za tarakimu 1 hadi 9, tofauti ya 1 inajitokeza mara 16 na tofauti ya 8 mara mbili tu. Mume na mke wakikuta wote wana changamoto ya 1 au 2, hilo halina ajabu, maana ndivyo kutoa kunavyofanya.

Tabia ya tatu ina uzito mkubwa zaidi kwa moyo wa mtu. Wengi huambiwa kwamba changamoto yao ya tatu, inayoitwa kuu, itawafuata hadi kaburini, kwa sababu inarudi tena ikiwa ya nne. Kwa Barack ni 0 na 0. Kwa Michelle ni 1 na 1. Inatisha ukiisikia, lakini ni matokeo ya kutoa tu. Changamoto ya tatu na ya nne hulingana kila mara ambapo tarakimu ya siku haiko katikati ya ile ya mwezi na ile ya mwaka. Kati ya michanganyiko 729 inayowezekana ya tarakimu tatu, hali hiyo ipo katika 561. Zaidi ya mitatu katika kila minne ya michanganyiko hiyo ina changamoto inayojirudia. Hakuna mwenzi anayepaswa kuambiwa kwamba amebeba mzigo usioisha kwa sababu ya jambo la kawaida namna hiyo.

Miaka ya Obama ikisomwa kwa chati

Tukiisoma ndoa yao kama mtaalamu angeisoma, mambo yanavutia kweli. Walifunga ndoa tarehe 3 Oktoba 1992, wote wakiwa kilele cha kwanza. Mwaka 1996 Barack aliingia kilele cha 3, ambacho ni namba ya maneno na kujieleza, akiwa na changamoto ya 4, ya utaratibu wa kila siku. Novemba mwaka huo alichaguliwa kuwa seneta wa jimbo la Illinois. Kilele hicho kilifungwa 2004, mwaka ambao hotuba yake kwenye mkutano mkuu wa chama cha Demokrati mjini Boston ilimfanya ajulikane nchi nzima.

Michelle aliingia kilele cha 1 mwaka 1999, akiwa na changamoto ya 6. Chati inasema: mwanamke anayetaka kusimama kwa miguu yake mwenyewe, anabanwa na majukumu ya nyumbani. Malia alizaliwa Julai 1998 na Sasha Juni 2001. Mume alikuwa akisafiri kwenda bungeni Springfield, mke akabaki Chicago na kazi yake na watoto. Katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 2018, Michelle ameeleza kwamba walikwenda kwa mshauri wa ndoa. Mwaka 2022 alisema hadharani kwamba kulikuwa na miaka kumi ambayo hakuweza kumvumilia mumewe, na kwamba ilikuwa wakati watoto wakiwa wadogo.

Kisha kilele chake cha tatu kinaanza 2008 na kuisha 2016. Uchaguzi wa urais ulikuwa Novemba 2008, na familia iliondoka Ikulu Januari 2017. Mtu akiona hayo kwa mara ya kwanza ana haki ya kushtuka.

Tukiipima

Mshtuko huo ndio unaopaswa kuchunguzwa kwa uaminifu. Nianze na miaka ya mageuzi. Chati zao zinatoa miaka sita ya kufunga: 1995, 1998, 2004, 2007, 2013 na 2016. Marekani hufanya uchaguzi mkuu wa serikali kuu na wa majimbo mengi kila mwaka wa shufwa. Mwanasiasa wa nchi hiyo ana tukio kubwa kila baada ya miaka miwili, na ukimruhusu msomaji kutumia mwaka wa kufunga au wa kufungua, kila mageuzi yatakutana na uchaguzi. Kugonga kwa namna hiyo ni jambo lisiloepukika. Kipimo cha haki ni kuuliza yaliyotokea katikati ya awamu, mbali na mageuzi. Mwaka 2000 Barack alishindwa vibaya na Bobby Rush katika kura za mchujo za kugombea Baraza la Wawakilishi. Mwaka 2001 mtoto wa pili alizaliwa. Mwaka 2008 yeye mwenyewe alishinda urais. Chati ya Barack haina mageuzi katika mwaka wowote kati ya hiyo.

Pili, urefu wa miaka migumu. Michelle anazungumzia kipindi cha takriban miaka kumi kinachofuata umri wa watoto. Chati inataka hali ibadilike pale Barack alipotoka kilele cha 3 chenye changamoto ya 4, mwishoni mwa 2004, akaingia kilele cha 6 chenye changamoto ya 0. Kumbukumbu za mhusika hazionyeshi ukuta hapo. Umri wa watoto unaeleza kipindi hicho kwa ukamilifu kuliko namba yoyote.

Tatu, yapo ambayo chati imekosa. Kuanzia 2014 Barack yuko kilele cha 7, cha kujitenga na kutafakari. Mwaka 2015 alikuwa rais katikati ya makubaliano ya nyuklia na Irani, kurejesha uhusiano na Kyuba, mkataba wa tabianchi wa Paris, na safari ya Nairobi mwezi Julai. Mtetezi atasema alikuwa akitafakari kwa ndani. Jibu hilo linaweza kusemwa kuhusu mtu yeyote katika mwaka wowote, na kwa sababu hiyo halisaidii.

Nne, na hili ndilo la msingi, badilisha namba na uone kama hadithi inavunjika. Changamoto ya Michelle ya 1999 hadi 2007 ni 6, na tuliona inavyofaa. Ingekuwa 2, tungesema aliishi katika kivuli cha mwenzake. Ingekuwa 4, tungesema ni kazi za nyumbani zisizoisha. Ingekuwa 7, tungesema ni upweke. Ingekuwa 1, tungesema ni kupigania nafasi yake. Kila moja inafaa, na kila moja ingempa msomaji mshtuko ule ule. Namba ambayo ingefaa hata ingekuwa nyingine haijatuambia kitu kuhusu ndoa hiyo. Hakuna ushahidi wa kisayansi kwamba vilele na changamoto vinabashiri maisha ya ndoa, na mfano huu unaonyesha kwa nini watu huamini vinabashiri.

Makosa yanayozaa chati za uongo

Hata anayependa kutumia hesabu hii kama kioo tu anapaswa kuifanya sawasawa, kwa sababu chati nyingi zinazozunguka zimekosewa. Kosa la kwanza ni la tarehe. Sisi tunaandika siku kwanza, na Wamarekani wanaandika mwezi kwanza. Programu ya Kimarekani ikipewa 4/8/1961 itasoma tarehe 8 Aprili. Kilele cha kwanza hakitabadilika, kwa sababu kujumlisha hakujali mpangilio, lakini cha pili na cha nne vitabadilishana nafasi, na changamoto ya pili na ya nne vilevile. Barack angepewa 7 kuanzia 1996 badala ya 3. Dalili yake ni hiyo: ukiona kilele cha pili ni mwezi jumlisha mwaka, tarehe imegeuzwa.

Kosa la pili ni kutoa kabla ya kupunguza. Aliyezaliwa tarehe 29 Mei ana siku ya 2 na mwezi wa 5, na changamoto yake ya kwanza ni 3. Anayetoa 5 kutoka 29 anapata 24, kisha 6. Mwenzi anaambiwa ana tatizo la majukumu ya nyumbani, kumbe namba yenyewe ilizungumzia kujieleza.

Kosa la tatu ni la namba kuu, 11 na 22, ambazo wengi hawapendi kuzipunguza. Njia ya maisha ya Michelle ni 11. Ukitoa 11 kutoka 36 unapata 25, na kilele cha kwanza kinaisha 1989 badala ya 1998. Kipimo cha mwaka binafsi hakitakuonya, kwa sababu 1989 nao ni mwaka wa 9 kwake. Tofauti ni miaka tisa kamili. Kinachoonya ni umri: kilele cha kwanza huisha kati ya miaka 27 na 35, na 25 iko nje ya mipaka hiyo. Chati hiyo iliyokosewa ingempa Michelle kilele cha 3, cha kuzungumza mbele ya watu, kuanzia 2008, na wasomaji wangeipigia makofi vilevile.

Kwetu kuna tatizo jingine, la watu wasio na hakika ya tarehe zao. Wazee wengi, na watu wengi walioandikishwa wakiwa wakimbizi, wana tarehe 1 Januari kwenye karatasi zao. Ikiwa siku na mwezi vinajulikana na mwaka ndio una shaka, miaka ya mageuzi inabaki pale pale katika mzunguko wa tisa, ingawa namba za vilele vya pili, tatu na nne zitahama. Ikiwa siku au mwezi haujulikani, hakuna chati, na mtaalamu anayeendelea kuhesabu anauza maneno.

Nini kibaki

Ninaona njia moja halali ya kutumia hesabu hii kwa mume na mke. Waandike miaka ya mageuzi ya kila mmoja kwenye karatasi moja, bila maana za namba. Kisha kila mmoja, peke yake, aandike ni miaka ipi ilikuwa nyepesi na ipi ilikuwa nzito kwake, na kwa nini. Baada ya hapo walinganishe walichoandika wao wenyewe, na wala wasijali kama kinafuata mageuzi au la. Mara nyingi kitakachoonekana ni kwamba mwaka ambao mmoja aliuhesabu kuwa wa raha, mwenzake aliubeba peke yake. Faida hiyo inatoka kwenye kumbukumbu zao. Miaka iliyopangwa na chati inawapa tu sababu ya kukaa chini na kuitazama ndoa kwa urefu wake, badala ya kuitazama kwa ugomvi wa wiki iliyopita.

Kwingine kote nasema hapana. Posa isicheleweshwe kusubiri kilele cha 6. Mtoto asipangwe kwa changamoto. Mume asiambiwe kwamba ubahili wake ni wa miaka tisa na utajimaliza wenyewe, wala mke asiambiwe kwamba upweke wake uliandikwa siku aliyozaliwa. Na mahali penye kipigo au vitisho, mtu anayemshauri aliyeumizwa asubiri awamu iishe anamweka hatarini. Hapo panahitaji ndugu wanaoaminika, viongozi wa dini walio makini, polisi inapobidi, na kwa Tanzania mabaraza ya usuluhishi wa ndoa yanayotambuliwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971.

Ugumu wa ndoa una sababu zinazoweza kutajwa kwa majina: watoto wadogo, safari za kazi, madeni, ugonjwa, maneno yasiyosemwa. Michelle Obama alizitaja zake, na yeye na mumewe wakatafuta mtu wa kuwasikiliza, bila kungoja 2007 ifike. Hesabu ya vilele inapowasaidia wawili kuzitaja sababu zao, imefanya kazi ya kutosha. Inapochukua nafasi ya sababu hizo, iwekwe kando.